Programu imekusahihisha kwa Kiingereza usichokielewa: namna ya kujua umekosea wapi kwenye Kijerumani

Mtu anayejua Kiswahili na kujifunza Kijerumani kwa simu, mara nyingi huwa anapambana na lugha mbili kwa mpigo. Kozi nyingi za Kijerumani zimeandaliwa kwa anayejua Kiingereza, na Kiingereza cha wengi wetu kiliishia darasani. Ukikosea, ukanda mwekundu unatokea chini ya skrini, jibu sahihi linaonyeshwa, kisha yanafuata maelezo ya mistari miwili au mitatu ambayo hayakufungui macho hata kidogo. Unabonyeza "Continue", na kesho unarudia kosa lilelile.

Mwongozo huu ni kwa anayeanza, hasa anayejiandaa na mtihani wa A1 pale Goethe-Institut Dar es Salaam au Nairobi, awe anamfuata mwenzi wake Ujerumani au anatafuta nafasi ya kazi huko. Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: kabla ya kusoma maelezo, soma tofauti iliyopo kati ya sentensi yako na sentensi ya programu. Tofauti hiyo imeandikwa kwa Kijerumani, lugha unayojifunza, na kwa ngazi ya A1 inatosha kukuambia kosa ni la aina gani. Maelezo ya Kiingereza yaje mwisho, kama uthibitisho.

Kwa hiyo usibonyeze "Continue" haraka, maana programu nyingi zikishasogea mbele jibu lako hulioni tena. Chukua daftari. Andika sentensi yako, chini yake andika sentensi ya programu, neno chini ya neno, halafu jiulize: maneno ni yaleyale ila yamehama? Neno ni lilelile ila mkia wake umebadilika? Kuna neno jingine kabisa? Au kuna neno lililokosekana? Kila jibu linakupeleka mahali pake.

Dalili: maneno ni yaleyale, ila yamepangwa tofauti

Umeandika *Heute ich trinke Tee*. Programu inasema *Heute trinke ich Tee*. Hakuna herufi iliyoongezwa wala kupunguzwa, *trinke* na *ich* wamebadilishana nafasi tu.

Chanzo ni kitenzi. Katika sentensi ya kawaida ya Kijerumani, kitenzi kinakaa nafasi ya pili. Ukianza na "leo", basi nafasi ya kwanza imeshachukuliwa, kitenzi kinafuata, na mtenda anasukumwa nyuma yake. Sisi tunasema "leo ninakunywa chai", mtenda akiwa ndani ya kitenzi chenyewe, kwa hiyo hatujazoea kujiuliza nani atangulie. Kiingereza nacho kinakupotosha zaidi, kwa sababu chenyewe humweka mtenda kabla ya kitenzi hata sentensi ikianza na "leo". Ukitafsiri kutoka kwenye Kiingereza kilicho juu ya zoezi, utakosea hapa kila siku.

Angalizo moja: nafasi ya pili si lazima iwe neno la pili. Katika *Am Montag trinke ich Tee*, maneno *Am Montag* yanahesabika kuwa nafasi moja, kwa sababu yote mawili yanajibu swali moja, "lini?".

Kama sentensi ina vitenzi viwili, kama *Ich muss heute arbeiten*, yaani "leo lazima nifanye kazi", kile kinachobadilika kufuata mtenda kinabaki nafasi ya pili na kingine kinakwenda mwisho kabisa. Ukiona programu imechukua kitenzi chako na kukitupa mwisho wa sentensi, sababu ni hiyo. Kwenye maelezo tafuta "word order", "second position" au "end". Ukiona mojawapo, umeshathibitisha, na huna haja ya kuhangaika na mengine yaliyoandikwa pale.

Dalili: neno ni lilelile, ila mkia umebadilika

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo tukae kidogo. Tuchukue dada mmoja wa Tanga aliyepewa zoezi la kusema kwa Kijerumani "Ninampa mtoto tofaa". Aliandika:

*Ich gebe der Kind ein Apfel.*

Programu ikamrudishia:

*Ich gebe dem Kind einen Apfel.*

Chini yake kulikuwa na maelezo yenye maneno "neuter", "dative", "masculine" na "direct object". Hakuna hata moja alilolifahamu. Lakini tazama tofauti zenyewe: *der* imekuwa *dem*, na *ein* imekuwa *einen*. Idadi ya maneno ni ileile na mpangilio ni uleule. Kwa hiyo tatizo liko kwenye vineno vinavyotangulia majina, na vineno hivyo jina likiwa la umoja hubadilika hasa kwa sababu mbili: jina ni la kundi gani, na jina linafanya kazi gani ndani ya sentensi.

Kuhusu makundi, sisi tuna ngeli, hatushangai jina kuburuta maneno mengine. Kijerumani kina makundi matatu, na kila jina inabidi ulikariri pamoja na kineno chake: *der Apfel*, *die Frau*, *das Kind*. Kwenye skrini makundi haya huitwa "masculine", "feminine" na "neuter", au hufupishwa kwa herufi *m*, *f* na *n*. Usidanganywe na majina hayo ukadhani yanahusu mume na mke. Tofaa ni *der*, na msichana, *das Mädchen*, ni *das*.

Kuhusu kazi ya jina, Kiswahili chako kinakusaidia kuliko Kiingereza. Angalia kitenzi "ninampa". Ile *-m-* inamwakilisha nani? Mtoto, si tofaa. Mtoto ndiye mpokeaji, na mpokeaji katika Kijerumani huchukua umbo ambalo programu inaliita "dative". Tofaa ndilo linalotolewa, na kitu kinachotendwa moja kwa moja huchukua umbo linaloitwa "accusative", au "direct object". Anayetenda, yaani mimi ninayetoa, yuko kwenye "nominative", umbo la kamusi. Hizi ndizo hali tatu unazokutana nazo A1:

| | mtenda | mtendwa | mpokeaji |
|---|---|---|---|
| masculine | der / ein | den / einen | dem / einem |
| feminine | die / eine | die / eine | der / einer |
| neuter | das / ein | das / ein | dem / einem |

Sasa rudi kwenye kosa la yule dada. *Kind* ni *das*, na hapa ni mpokeaji, kwa hiyo *dem*. *Apfel* ni *der*, na hapa ni mtendwa, kwa hiyo *einen*. Na ile *der* aliyoiandika aliitoa wapi? Bila shaka siku kadhaa nyuma alikuwa ameona *Ich gebe der Frau einen Apfel*, akashika kwamba mpokeaji ni *der*. Alishika sawasawa, ila kwa kundi la *die* peke yake. Kosa la namna hii huwezi kuliona ukisoma maelezo yanayosema tu kwamba *geben* inataka "dative", kwa sababu hilo alikuwa tayari amelifanya kwa kichwa chake. Aliloteleza ni kundi la *Kind*. Ndiyo maana nasisitiza uyaangalie yote mawili, kundi na kazi, kila mkia unapobadilika.

Kipimo cha *-m-* kina mipaka. Kinafaa pale kitenzi kinapobeba majina mawili, mpokeaji na kinachopokewa: kumpa, kumwonyesha, kumletea. Kama kuna jina moja tu, kwa kawaida ni mtendwa: "ninamwona mwanamume" ni *Ich sehe den Mann*, japokuwa *-mw-* ipo. Halafu kuna vitenzi vichache vinavyovunja hata hilo. "Ninamsaidia mwanamume" ni *Ich helfe dem Mann*, na kushukuru, *danken*, ni vilevile. Hivi ni vya kukariri tu. Kila unapokutana na kimoja, kiandike kwenye ukurasa wake wa peke yake.

Ikiwa mkia uliobadilika ni wa kitenzi, si wa kineno cha mbele ya jina, basi tatizo ni mtenda. *Er trinken* ikigeuzwa *er trinkt*, programu inakuambia kitenzi hakikulingana na *er*. Hilo wala halihitaji maelezo. Tazama aliyetenda, kisha tazama mwisho wa kitenzi.

Dalili: umewekewa neno jingine kabisa

Mara nyingi umekosea msamiati tu. Lakini kuna sehemu mbili zinazotunasa sisi hasa.

Ya kwanza ni *er* na *sie*. Kwetu wote ni "yeye". Unaposoma sentensi ya Kiingereza kwa haraka, "he" na "she" yanapita bila kuacha alama, kisha unaandika *er* kwa mazoea. Ukiona programu imebadilisha *er* kuwa *sie*, rudi kwenye swali lenyewe. Huenda Kijerumani chako hakina tatizo, ulipitiwa na herufi moja ya Kiingereza. Na *sie* nayo ni ya kuiangalia kwa makini: *sie trinkt* ni yeye wa kike, *sie trinken* ni wao. Mkia wa kitenzi ndio unaokuambia.

Ya pili ni "wewe". Kiingereza kina "you" moja kwa mtu mmoja na kwa wengi. Kijerumani kina *du* kwa mmoja uliyemzoea, *ihr* kwa wengi uliowazoea, na *Sie* ya heshima, yenye herufi kubwa, kwa mmoja au wengi. Mwingereza hapa anapata shida, wewe hupaswi kuipata: *du* ni wewe, *ihr* ni ninyi. Tatizo ni kwamba zoezi limepita kwenye "you", na Kiswahili chako kimepoteza alama yake njiani. Programu ikikukatalia *du* na kuweka *ihr*, tafuta kama kulikuwa na dalili ya watu wengi, jina la wingi au picha yenye watoto wawili. Kama hakukuwa na dalili yoyote, majibu yote mawili yangefaa, na kukataliwa kwako hakukufundishi chochote. Pita.

Dalili: umeelewa Kijerumani, bado umekosa

Hili ndilo kosa linalopoteza muda wa watu kuliko yote, kwa sababu halihusiani na Kijerumani. Umepewa *Die Frau trinkt Wasser*, unatakiwa uandike kwa Kiingereza. Ukaandika "Woman drink water". Ukanda mwekundu. Jibu sahihi: "The woman drinks water".

Ulijua *Frau*, ulijua *trinkt*, ulijua *Wasser*. Kilichokuangusha ni "the", ambayo Kiswahili hakina, na *s* ya mwisho wa kitenzi. Namna ya kulitambua kosa hili ni kuangalia tu uliandika lugha gani. Kama uliandika Kiingereza, chora alama ya K pembeni ya daftari na usilihesabu kuwa ni udhaifu wa Kijerumani. Mtihani wa A1 wa Goethe hauna Kiingereza ndani yake. Unasikiliza, unasoma, unaandika na kuongea kwa Kijerumani, na hata maelekezo ni ya Kijerumani. Sehemu ya kuandika inakutaka ujaze fomu na kuandika ujumbe mfupi wa maneno kama 30. Hakuna atakayekuuliza "the".

Dawa yake ni kuepuka kuandika Kiingereza kwa kibodi. Programu nyingi zina kitufe, mara nyingi karibu na sehemu ya kuandikia, kinachobadilisha kibodi kuwa vigae vya maneno ya kuchagua. Kwenye mazoezi ya kuandika Kiingereza tumia vigae, na kwenye mazoezi ya kuandika Kijerumani rudi kwenye kibodi. Nguvu zako ziende zinakohitajika.

Ila usiwe mwepesi wa kulaumu Kiingereza kila mara. Ukiandika "A woman" na programu ikataka "The woman", hilo linagusa Kijerumani pia, kwa kuwa *eine Frau* ni mwanamke fulani tu, na *die Frau* ni yule mwanamke anayejulikana. Ukichanganya hayo kwa Kiingereza, utayachanganya na kwa Kijerumani.

Dalili: ukanda ni wa kijani, lakini kuna maandishi chini yake

Wengi hawayasomi kwa sababu wameshapata alama. Kwa kawaida huwa ni mojawapo ya mambo mawili. Ukiona "Another correct solution", ni njia nyingine ya kusema jambo lilelile, wala hukukosea. Ukiona "typo" au "accents", umekosea herufi na programu imekusamehe.

Msamaha huo upokee kwa tahadhari pale panapokuwa na vidoti viwili juu ya herufi. *Mutter* ni mama, *Mütter* ni akina mama. *schon* ni tayari, *schön* ni nzuri. Programu inaweza kukupitishia, Mjerumani akaelewa kitu kingine. Kwenye simu, bonyeza *a*, *o* au *u* bila kuachia, vidoti vitatokea. Kwa *ß* shikilia *s*. Pale isipowezekana kabisa, andika *ae*, *oe*, *ue* na *ss*, ambayo Wajerumani wenyewe huisoma bila shida.

Dalili: umetafsiri maelezo kwa mashine, yamezidi kuchanganya

Umenakili maelezo yote ukayaweka kwenye kitafsiri, yakarudi yakiwa na "kesi", "makala" na "somo". Hayo ni maneno ya sarufi yaliyotafsiriwa kama ya mtaani. "Case" hapa si kesi ya mahakamani, ni hali ya jina, yale maumbo matatu ya jedwali letu. "Article" ni kile kineno cha mbele ya jina, *der* au *ein*. "Subject" ni mtenda, yaani kiima. Yaandike haya matatu kwenye jalada la daftari pamoja na "verb" ambayo ni kitenzi, "plural" ambayo ni wingi, na "ending" ambayo ni mkia wa neno. Ukiyajua, utayasoma maelezo mengi ya A1 bila kitafsiri.

Chanzo kingine ni kwamba kitafsiri kimetafsiri na mifano ya Kijerumani iliyokuwemo ndani ya maelezo. Ukipiga picha skrini nzima kwa kamera ya kutafsiri, *dem Kind* na *das Kind* zote mbili zinaweza kurudi "mtoto", na tofauti uliyokuwa unaitafuta inafutika. Nakili sentensi ya Kiingereza peke yake, mifano iache ilivyo na uisome kwa macho yako.

Dalili: umeweka simu kwa Kiswahili, maelezo bado ni ya Kiingereza

Lugha ya simu hubadilisha menyu za simu. Maelezo ya somo yamefungwa kwenye kozi yenyewe. Kwenye Duolingo, kwa mfano, kozi huandaliwa kwa jozi: lugha unayojifunza na lugha unayofundishiwa. Kiswahili kimekuwepo huko tangu 2017 kikifundishwa kwa wanaojua Kiingereza, lakini hilo halimpi msaada anayetaka Kijerumani.

Kinachowezekana ni kubadilisha jozi. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa atafaidika zaidi na kozi ya Kijerumani kwa wanaojua Kifaransa, na aliyekulia Muscat anaweza kuchagua ile ya Kiarabu. Fahamu tu kwamba kozi mpya hufuatilia maendeleo yake yenyewe, kwa hiyo huenda ukaanzia mwanzo. Tafuta jaribio la kupima kiwango ili uruke masomo unayoyajua.

Dalili: umelinganisha herufi kwa herufi na huoni kosa

Kwanza soma sentensi yako kutoka mwisho kuja mwanzo, neno moja moja. Jicho likisoma kwa kwenda mbele huona lilichokusudia kuandika, na *einen* na *einem* zinafanana mno. Kama bado huoni kitu, inawezekana jibu lako ni sahihi na programu haikuwa nalo kwenye orodha yake. Hutokea hasa unapotumia neno lenye maana sawa, au unapohamisha neno la wakati: *Ich trinke heute Tee* ni sahihi sawa na *Heute trinke ich Tee*. Mwonyeshe mwalimu au mtu anayekijua Kijerumani sentensi zote mbili kama ulivyoziandika daftarini, moja chini ya nyingine. Akikuambia yako ni nzuri, na zoezi hilo likarudi tena, tumia kitufe cha bendera kuripoti kwamba jibu lako lingepaswa kukubaliwa. Huhitaji kuandika maelezo, kuna chaguo la kugusa tu.